Sifuri, Sifuri, Sifuri, Mbili

Leja ya stoo ya vipuri huwa na kurasa za aina mbili. Zipo zinazojaa haraka: filta za oili, balbu, mikanda ya feni, vitu ambavyo fundi huja kuvichukua karibu kila siku. Hizo hazimsumbui mtunza stoo. Akiangalia kilichotoka mwezi uliopita, anajua vizuri tu kitakachotoka mwezi ujao, na akikosea kidogo, kosa hilo hurekebishika wiki inayofuata.

Kurasa za aina ya pili ni karibu tupu. Wiki ya kwanza hakuna kilichotoka. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne, basi moja linarudi kutoka safari likiunguruma gurudumu la nyuma, na fundi anachukua beringi mbili kwa mpigo. Kisha ukimya unarejea. Katika stoo nyingi za vipuri, kurasa za namna hii ndizo nyingi kuliko zile zilizojaa, na mara nyingi ndizo zilizolalia fedha nyingi, kwa kuwa kipuri kinachotoka kwa nadra aghalabu ni cha bei kubwa.

Swali analoulizwa mtunza stoo ni lile lile kwa kurasa zote: tuagize ngapi? Lakini hesabu inayojibu swali hilo kwa filta za oili humpotosha akiitumia kwa beringi, na humpotosha kwa namna ambayo mtu hawezi kuiona kwa macho. Aliyeonyesha kwa nini ni Mwingereza J. D. Croston, katika makala aliyoichapisha mwaka 1972 kwenye jarida la Operational Research Quarterly. Dawa aliyopendekeza ni fupi kiasi cha kuingia katika sentensi moja: usikadirie kitu kimoja, kadiria viwili. Upande mmoja, kiasi kinachochukuliwa kila hitaji linapotokea. Upande wa pili, pengo la muda kati ya hitaji moja na jingine.

Nusu mwaka wa beringi

Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu ndogo. Kampuni ya mabasi ya mikoani ina gereji yake, na stoo inafuatilia beringi za gurudumu la nyuma wiki kwa wiki. Katika wiki 26 za nusu ya kwanza ya mwaka, beringi zilitoka mara tano tu: 2 katika wiki ya 4, 4 katika wiki ya 9, 2 katika wiki ya 15, 4 katika wiki ya 17, na 2 katika wiki ya 25. Wiki nyingine zote 21 zina sifuri.

Jumla ni beringi 14. Ukigawanya kwa wiki 26 unapata 0.54, yaani kama nusu beringi kwa wiki. Hakuna fundi aliyewahi kuja kuchukua nusu beringi. Hata hivyo tarakimu hiyo ina kazi yake: inaeleza kasi ambayo shehena inapungua kwa muda mrefu. Tatizo la wastani huu wa jumla ni kwamba unaihesabu wiki ya Januari sawasawa na wiki iliyopita, kwa hiyo matumizi yakibadilika, unachelewa sana kutambua.

Ndiyo maana stoo zinazotumia kompyuta hupendelea njia ya kulainisha, ambayo Mmarekani Robert G. Brown aliieneza katika miaka ya 1950 baada ya kufanya kazi na Jeshi la Majini la Marekani. Kanuni yake ni rahisi. Kila wiki, makadirio mapya hutengenezwa kwa kuchanganya makadirio ya zamani na kilichotoka wiki hiyo. Ukiamua kuipa wiki mpya uzito wa 0.2, unachukua sehemu nne kati ya tano za makadirio ya zamani na kuongeza sehemu moja kati ya tano ya kilichotoka. Kwa njia hiyo habari mpya husikika mapema, na za zamani hufifia taratibu.

Tuipeleke kanuni hiyo kwenye beringi zetu, tukianza na makadirio ya 0.6 kwa wiki. Wiki tatu za mwanzo ni sifuri, na makadirio yanashuka: 0.48, 0.38, 0.31. Wiki ya 4 zinatoka beringi 2, nayo yanapanda hadi 0.65. Kisha yanashuka tena wiki baada ya wiki mpaka 0.26, na wiki ya 9, beringi 4 zinapotoka, yanaruka hadi 1.01. Wiki ya 17 yanafika 1.23, zaidi ya mara mbili ya wastani halisi. Kufikia wiki ya 24 yameshuka tena hadi 0.26, wiki moja tu kabla fundi hajaja kuchukua nyingine mbili.

Mtu anaweza kusema kupanda na kushuka huko kunafidiana, kwa kuwa ukichukua wastani wa makadirio ya wiki zote utakuwa karibu na ukweli. Ni kweli, lakini stoo haiagizi mzigo kila wiki. Inaagiza pale shehena inapopungua, na shehena hupungua wiki ile tu ambayo kitu kimetoka. Kwa maneno mengine, makadirio husomwa hasa wakati yako juu kabisa, mara baada ya hitaji. Wiki ya 21, yalipokuwa karibu na ukweli kwa 0.50, hakuna aliyeyaangalia, kwa sababu hakukuwa na sababu ya kuagiza.

Matokeo yake yanaonekana kwenye oda. Tuseme mzigo huchukua wiki sita kufika kutoka kwa msambazaji wa ng'ambo. Mwishoni mwa wiki ya 17, kompyuta inazidisha 1.23 kwa 6 na kusema stoo itahitaji beringi zaidi ya 7 kabla mzigo haujafika. Kwa kasi halisi ya 0.54, hitaji la wiki sita ni kidogo zaidi ya beringi 3. Kosa hilo likijirudia kwa mamia ya vipuri, rafu zinajaa, fedha zinakwisha, na meneja anamlaumu mtunza stoo kwa kuagiza hovyo wakati aliyeagiza hovyo ni kanuni.

Daftari mbili badala ya moja

Njia ya Croston inaanza kwa kukataa kuzihesabu wiki za sifuri kama habari ya kiasi. Wiki ambayo hakuna basi lililoharibika haikuambii kitu kuhusu beringi ngapi fundi atachukua basi litakapoharibika. Inakuambia tu kwamba pengo limeongezeka kwa wiki moja. Kwa hiyo hesabu hugawanywa katika daftari mbili, na kila moja hulainishwa peke yake, tena pale tu hitaji linapotokea.

Tuanze na rekodi za mwaka uliotangulia: kwa kawaida zilitoka beringi 3 kwa mara moja, na pengo lilikuwa wiki 5. Tuseme pia hitaji la mwisho lilikuwa katika wiki ya mwisho ya Desemba. Makadirio ni 3 gawanya kwa 5, yaani 0.6 kwa wiki. Wiki ya 1, ya 2 na ya 3 hatugusi chochote. Wiki ya 4 zinatoka beringi 2 baada ya pengo la wiki 4. Daftari la kiasi linashuka kutoka 3 hadi 2.8, kwa kuwa tunasogea sehemu moja kati ya tano ya umbali kuelekea 2. Daftari la pengo linashuka kutoka 5 hadi 4.8. Tukigawanya tunapata 0.58.

Makadirio hayo yanabaki vile vile hadi wiki ya 9, zinapotoka beringi 4 baada ya wiki 5. Kiasi kinakuwa 3.04, pengo 4.84, na makadirio 0.63. Wiki ya 15, baada ya pengo la wiki 6, yanakuwa 0.56. Wiki ya 17 hitaji linakuja haraka, baada ya wiki mbili tu, na la beringi 4. Yanapanda hadi 0.69. Wiki ya 25, baada ya wiki 8 za ukimya, yanashuka hadi 0.55.

Linganisha safari hizi mbili. Njia ya kulainisha ya kawaida ilipita kati ya 0.26 na 1.23. Daftari mbili zilibaki kati ya 0.55 na 0.69. Wiki ile ile ya 17, siku ambayo oda inaandikwa, Croston anasema wiki sita zitahitaji beringi 4.1, si 7.4. Bado yuko juu kidogo ya ukweli, lakini si kwa kiasi cha kujaza rafu.

Kuna faida nyingine inayojitokeza ukizitazama daftari hizo kila moja peke yake. Tuseme makadirio yamepanda kutoka 0.55 hadi 0.8. Kwa njia ya zamani unajua tu kwamba matumizi yameongezeka. Kwa daftari mbili unaona kama mafundi wanabadilisha beringi nyingi zaidi kwa kila basi, jambo linaloweza kuwa badiliko la utaratibu wa kazi, au kama mabasi yanaharibika mara nyingi zaidi, jambo linaloweza kutokana na barabara mbovu, mizigo mizito au beringi zisizo na ubora. Hatua ya kuchukua ni tofauti kabisa kwa kila hali.

Dosari iliyokaa miaka karibu thelathini

Croston aliamini kwamba akigawanya kiasi kwa pengo angepata kasi ya kweli kwa wastani. Mwaka 2001, Aris Syntetos na John Boylan walionyesha kwamba sivyo. Hesabu yake huelemea juu kidogo, na chanzo ni kitendo chenyewe cha kugawanya.

Tuseme pengo la kweli ni wiki 5 na kiasi cha kweli ni 2.8, hivyo kasi ya kweli ni 0.56. Lakini stoo haijui pengo la kweli. Ina makadirio yanayoyumba, leo 4, kesho 6. Makadirio yakiwa 4, jibu ni 0.70, yaani yamezidi kwa 0.14. Yakiwa 6, jibu ni 0.47, yaani yamepungua kwa 0.09 tu. Pengo limekosewa kwa wiki moja kila upande, lakini jibu limezidi kwa kingi kuliko lilivyopungua. Wastani wa majibu hayo mawili ni 0.58, si 0.56.

Ukubwa wa dosari hutegemea jinsi makadirio ya pengo yanavyoyumba, na hayo huyumba zaidi kadiri unavyoipa habari mpya uzito mkubwa. Kutokana na hilo, Syntetos na Boylan walitoa marekebisho mepesi ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa kalamu: chukua nusu ya uzito wa kulainisha, iondoe katika 1, kisha zidisha jibu la Croston kwa kilichobaki. Kwa uzito wetu wa 0.2, nusu yake ni 0.1, kinachobaki ni 0.9. Makadirio ya wiki ya 17 yanashuka kutoka 0.69 hadi 0.62. Mwaka 2005 walichapisha majaribio ya marekebisho hayo kwa kutumia rekodi za vipuri 3,000 vya sekta ya magari, nayo yalifanya vizuri kuliko njia nyingine walizolinganisha nayo.

Mwaka huo huo wawili hao walishirikiana na Croston mwenyewe, miaka 33 baada ya makala yake, kuandika kuhusu jinsi ya kupanga vipuri katika makundi. Walitumia vipimo viwili vinavyolingana na daftari mbili. Cha kwanza ni wastani wa pengo, mpaka ukiwa 1.32. Cha pili kinapima jinsi kiasi kinavyotofautiana kutoka hitaji moja hadi jingine: unachukua mtawanyiko wa kiasi, unaugawanya kwa wastani wake, kisha unazidisha jibu kwa lenyewe, mpaka ni 0.49. Beringi zetu zina pengo la 5, juu sana ya mpaka, na kipimo cha kiasi chini ya 0.2. Hizo ni za nadra lakini zinatoka kwa kiasi kinachotabirika. Kipuri chenye pengo refu na kiasi kinachorukaruka, leo 1 na kesho 30, kiko katika kundi gumu kuliko yote. Na kile kilicho chini ya mipaka yote miwili hakihitaji marekebisho ya 2005; yangeshusha makadirio kupita kiasi.

Kutoka kasi hadi idadi ya kuweka rafuni

Makadirio ya 0.62 kwa wiki hayasemi ni wiki gani fundi atakuja. Hakuna njia inayoweza kusema hivyo kwa kutazama leja peke yake. Yanachosema ni kasi, na hapo ndipo stoo nyingi hukosea hatua ya mwisho: huzidisha kasi kwa wiki sita, hupata 3.7, huikuza kuwa 4, kisha hushangaa kukuta rafu tupu.

Daftari mbili hutoa njia bora ya kufika kwenye idadi. Kama pengo ni wiki 5, basi katika wiki yoyote kuna uwezekano wa moja kwa tano wa hitaji kutokea. Kama mahitaji matatu kati ya matano ni ya beringi 2 na mawili ni ya beringi 4, tunajua pia ukubwa wake. Kwa hizo mbili tunaweza kuhesabu yale yanayoweza kutokea katika wiki sita za kusubiri mzigo. Uwezekano kwamba hakuna atakayekuja kabisa ni asilimia 26. Kwamba atakuja mmoja ni asilimia 39. Wawili, asilimia 25. Watatu au zaidi, asilimia 10 hivi.

Ukichanganya na kiasi, picha inakuwa hii. Stoo ikiwa na beringi 4 wakati oda inaandikwa, itamaliza wiki sita bila kuishiwa mara 74 kati ya 100. Ikiwa na 6, ni mara 88. Ikiwa na 8, ni mara 96. Sasa meneja hajadiliani tena kuhusu wastani wa nusu beringi. Anajadili kama beringi mbili za ziada zinastahili gharama yake ili kupunguza uwezekano wa basi kulala gereji kutoka asilimia 12 hadi 4. Kwa kampuni yenye basi la akiba, huenda sita zinatosha. Kwa ile ambayo kila basi limeshakatiwa tiketi za kesho, nane ni hesabu ya busara.

Wenye kompyuta wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuchota wiki za nyuma kwa bahati nasibu mara maelfu na kuona jumla zinavyotawanyika, njia ambayo Thomas Willemain na wenzake waliieleza mwaka 2004. Mantiki haibadiliki: kinachotafutwa ni mtawanyiko wa jumla katika muda wa kusubiri, si tarakimu moja.

Mtego wa kupima usahihi

Stoo inayotaka kujua kama njia mpya ni bora kuliko ya zamani huingia haraka kwenye mtego. Kipimo kinachopendwa ofisini ni wastani wa makosa: kila wiki unachukua tofauti kati ya makadirio na kilichotoka, unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya wiki.

Tukipime kwa beringi zetu. Anayekadiria 0.56 kila wiki anakosea kwa 0.56 katika wiki 21 za sifuri, na kwa 1.44 au 3.44 katika wiki tano za mahitaji. Wastani wa makosa yake ni 0.88. Mvivu anayeandika sifuri kila wiki, mwaka mzima, hakosei kabisa katika wiki 21. Wastani wa makosa yake ni 0.54. Kwa kipimo hicho mvivu ameshinda, na anayemfuata hataagiza beringi hata moja.

Sababu ni kwamba kipimo hicho humzawadia anayekadiria thamani ya katikati ya orodha, na kama zaidi ya nusu ya wiki ni sifuri, thamani ya katikati ni sifuri. Kipimo cha asilimia ya kosa ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinamlazimu mtu kugawanya kwa kilichotoka, na kwa wiki 21 huko ni kugawanya kwa sifuri. A. H. C. Eaves na B. G. Kingsman walikutana na jambo hili walipotumia rekodi za vipuri vya Jeshi la Anga la Uingereza. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, waliacha kutegemea vipimo vya kawaida na kuzilinganisha njia kwa shehena ambayo kila moja ingehitaji ili kutoa huduma ile ile. Stoo ya kawaida inaweza kuiga hilo kwa rekodi za mwaka uliopita: iendeshe kila njia wiki kwa wiki kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikiagiza, kisha uhesabu mara ngapi ingeishiwa na kwa wastani ingekuwa na beringi ngapi rafuni.

Kipuri kinapokufa

Udhaifu mkubwa wa Croston hauonekani mpaka siku kipuri kinapoacha kuhitajika. Kwa kuwa daftari zake hufunguliwa tu hitaji linapotokea, hitaji lisipotokea tena hazifunguliwi kamwe. Kampuni ikiuza mabasi yote ya aina hiyo baada ya wiki ya 25, makadirio yatabaki 0.55 mwezi ujao, mwakani, na miaka mitano ijayo. Kwa mwaka mmoja, kanuni itaendelea kudai kwamba beringi karibu 29 zinahitajika kwa mabasi yasiyokuwepo.

Mwaka 2011, Ruud Teunter, Syntetos na M. Zied Babai walipendekeza kubadilisha daftari la pili. Badala ya kuandika urefu wa pengo, wanaandika uwezekano wa hitaji kutokea katika wiki moja, na wanaurekebisha kila wiki, iwe na hitaji au la. Daftari la kiasi linabaki kama la Croston. Tukianza na uwezekano wa 0.19 na kuupunguza kwa asilimia 5 kila wiki ya sifuri, baada ya miezi sita ya ukimya makadirio yanakuwa yameshuka kutoka 0.55 hadi 0.15. Uzito huo uwe mdogo makusudi, kwa sababu ukiwa mkubwa, ukimya wa kawaida wa wiki nane utasomwa kama kifo. Kwa mtunza stoo, njia hii inafaa hasa kwa vipuri vya magari yanayokaribia kuondolewa barabarani.

Hata hivyo mabasi yanapouzwa, habari hiyo iko ofisini kabla haijaonekana kwenye leja. Kusubiri kanuni igundue kile ambacho meneja tayari amekitia saini ni kupoteza fedha bure.

Leja yenyewe inapodanganya

Makosa mengi ya stoo huanzia kwenye kile kilichoandikwa, si kwenye kanuni. La kwanza ni kuchanganya kilichohitajika na kilichotoka. Fundi akikuta rafu tupu, hutuma kijana dukani mtaani, ananunua beringi kwa fedha taslimu, na basi linaondoka. Leja inaonyesha sifuri. Pengo linaonekana refu kuliko lilivyo, makadirio yanashuka, oda inapungua, na rafu inakuwa tupu mara nyingi zaidi. Dawa ni safu moja ya ziada ya kuandika ombi ambalo halikutimizwa, pamoja na risiti za manunuzi ya nje kurudishwa stoo.

La pili ni vipuri vinavyorudi. Fundi hufungua gurudumu akiwa amechukua beringi 4, anakuta mbili bado nzima, anarudisha mbili. Kama leja inaandika 4 wiki hii na kuongeza 2 kama mzigo mpya wiki ijayo, daftari la kiasi linadhani kila hitaji ni kubwa kuliko lilivyo.

La tatu ni matengenezo yaliyopangwa. Kampuni ikiamua kubadilisha beringi za mabasi matatu mwezi Juni, beringi hizo si hitaji la kubahatisha. Zinajulikana tarehe na idadi, kwa hiyo ziagizwe kwa mpango na ziondolewe kwenye rekodi inayolishwa kwenye daftari mbili. Zikibaki humo, zitafundisha kanuni kwamba Juni kulitokea janga.

Njia zote hizi pia zina mpaka wake wa chini. Kipuri kama gia boksi kamili, kilichotoka mara moja katika miaka mitatu, kina hitaji moja na hakina pengo hata moja lililokamilika. Hakuna cha kulainisha. Kwa vitu vya namna hiyo wahandisi huacha leja na kuuliza maswali mengine: gia boksi za mabasi haya hudumu kilomita ngapi kwa kawaida, mabasi mangapi yanakaribia umri huo, msambazaji anaweza kuileta kwa siku ngapi ikiitwa kwa ndege, na basi likilala siku hizo zote kampuni inapoteza mapato kiasi gani ukilinganisha na bei ya kuiweka moja rafuni tangu leo.